Ndugu yangu amefariki, ameacha gemu 143 kwenye Steam. Je, mwanawe anaweza kuzirithi?

#1 DadaWaMkomani
Asalaam aleikum. Ndugu yangu mdogo alifariki mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu. Ameacha mke, ambaye bado yumo edani, mama yetu mzazi, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka kumi na moja. Mali yake si nyingi: mashua nusu kwa nusu na mwenzake, vyombo vya ndani, na kompyuta moja kubwa ya mezani aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Tulipokaa kuandika orodha ya mirathi, mtoto akauliza, "Na gemu za baba?" Hakuna aliyejua la kumjibu. Mjomba akasema ziandikwe, ami akasema si kitu.

Nimefungua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwenye ile kompyuta, imo ndani bila kuuliza paswadi. Inaonyesha gemu 143. Alikuwa akinunua kidogo kidogo miaka tisa, miaka ya mwisho kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa. Yule mtoto anachokitaka hasa ni moja, ya malori, Euro Truck Simulator 2. Walikuwa wakiicheza pamoja baada ya Isha, baba ameshika usukani, mtoto anamsomea ramani. Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, hizi ni mali ya kugawanywa au si mali? Pili, nifanye nini sasa hivi zisipotee?

#2 NahodhaMstaafu
Poleni sana dadangu. Mimi gemu sizijui, ila nauliza: kama alilipa pesa zake, vipi zisiwe zake?

#3 FundiBarani
Pole sana. Niko Malindi, natengeneza kompyuta, na hili nimelikuta mara tatu sasa. Swali la pili nakujibu kwanza kwa sababu lina haraka.

Usiifute simu yake. Usimpe mtu, usiirudishe kama mpya, usiiuze. Kama aliweka Steam Guard kwenye simu, ile programu ndiyo inayotoa namba za kuingilia. Steam ikikutoa kwenye kompyuta kwa sababu yoyote, itataka paswadi na namba kutoka kwenye simu hiyo. Laini yake nayo itie salio na uitumie mara moja moja, kwa sababu laini iliyolala kampuni huizima na baadaye humpa mtu mwingine, na namba za kufufua akaunti huja kwa ujumbe wa laini hiyohiyo. Tatu ni barua pepe yake. Ukiwa na simu, laini na barua pepe, una muda wa kufikiri. Ukipoteza viwili kati ya hivyo, akaunti imekwenda na maji.

Na kwenye kompyuta usibonyeze kutoka. Usiweke Windows upya hata fundi akikwambia inahitaji.

#4 MwanaLangoni
Dada, usikubali kutishwa. Ulaya hili lilishaisha. Mahakama ya Paris iliwaambia wenye Steam kwamba gemu ukinunua ni yako, unaweza kuuza na kurithisha. Ujerumani pia wazazi walipewa akaunti ya binti yao aliyekufa. Andika barua, wataogopa.

#5 FundiBarani
@MwanaLangoni nusu umepatia. Hukumu ya Paris ilitoka Septemba 2019, chama cha watumiaji kilishinda, na kilichobishaniwa ni kuuza tena gemu ulizonunua. Lakini Valve, ndio wenye Steam, walikata rufaa, na Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ya Paris ikaipindua. Wengi walisoma habari ya kwanza, ya pili haikuwafikia.

Ya Ujerumani ni kweli, Julai 2018, mahakama yao ya juu. Ila ile ilikuwa akaunti ya Facebook, na wazazi walitaka kusoma ujumbe wa binti yao ili wajue alikufaje. Walipewa kuingia na kusoma. Hapakuwa na duka lililodaiwa kumhamishia mtu mwingine leseni za bidhaa.

Halafu sote wawili tuko pwani ya Kenya, siyo Paris.

#6 MwanaLangoni
Sawa, ya rufaa sikuijua. Lakini hoja yangu iko palepale: ile ya Ujerumani ilisema mkataba unarithiwa kama mkataba mwingine wowote. Ukirithiwa mkataba, umerithiwa na vilivyomo.

#7 BintiShela
Pole dada. Kwa M-Pesa ya marehemu mnaenda dukani kwao na cheti cha kifo, vitambulisho na karatasi za mirathi, mtalipwa. Sisi tulifanya kwa babu, tulingoja kidogo lakini pesa zilitoka.

#8 DadaWaMkomani
@BintiShela ahsante, ila M-Pesa tulishamaliza. Hapa ni gemu alizonunua. @FundiBarani simu iko kabatini kwa mama, nimeitia chaji. Laini nimeitia shilingi hamsini.

#9 KibandaChaPS
Mimi nina kibanda cha PlayStation hapa Malindi, karibu na soko la zamani. Nawaambia sababu halisi kwa maoni yangu: pesa. Baba akinunua, mwana naye lazima anunue, na mjukuu anunue. Wakiruhusu kurithi, kila gemu itauzwa mara moja kwa ukoo mzima.

Yangu hii hapa. Kibanda alikianzisha kaka yangu. Alipofariki 2021 aliacha mashine mbili za PS4 na diski kumi na saba, na gemu nyingine kadhaa alizonunua mtandaoni kwa akaunti yake. Diski hazikuwa na maneno. Ukiitia kwenye mashine yoyote inacheza, haikuulizi jina. Tulizigawa kama sahani. Zile za akaunti zilikaa kwenye mashine moja tu, ile aliyoiweka kuwa mashine yake kuu, na kila mtu aliyeiwasha alicheza bila paswadi. Kisha siku moja umeme ukarudi kwa kishindo, diski ngumu ikaungua. Nikaweka mpya. Mashine ikataka niingie kwenye akaunti yake ili nishushe upya. Paswadi hakuna, barua pepe hatuijui. Gemu tisa zikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nanunua diski tu, hata ikiwa ghali zaidi.

#10 NahodhaMstaafu
Sasa nimefahamu. Ni kama jahazi na leseni. Nahodha akifa, jahazi la wanawe. Leseni ya kuvulia haina urithi, mwana huenda akaomba yake kwa jina lake. Diski ni jahazi, zile nyingine ni leseni.

#11 FundiBarani
Nahodha umesema. Mkataba wa Steam umeandikwa hivyohivyo: unachopewa ni leseni ya kutumia, hukuuziwa, na akaunti huruhusiwi kuiuza wala kumhamishia mtu. Tangu Oktoba 2024 hata pale pa kulipia wameweka maneno kwamba unachonunua ni leseni. Hiyo iliambatana na sheria ya California iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025: duka likitumia neno "nunua" kwa kitu cha kidijitali, lazima limwambie mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Sheria haikumpa mteja umiliki. Imemlazimisha muuzaji aseme.

Na suala la kurithi liliulizwa wazi. Mei 2024 mteja mmoja aliwauliza huduma ya wateja ya Steam kama anaweza kuandika akaunti yake kwenye wosia. Jibu alilopewa lilisambaa mtandaoni: akaunti na gemu hazihamishiki, hawawezi kumpa mtu mwingine njia ya kuingia, hawawezi kuunganisha vilivyomo na akaunti nyingine, na wosia haubadilishi hilo.

@KibandaChaPS pesa imo, sibishi. Lakini ziko sababu nyingine mbili. Duka lenyewe halimiliki gemu. Waliotengeneza gemu ndio wamelipatia duka ruhusa ya kutoa leseni kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo duka linagawa ruhusa ambayo nalo limepewa na mipaka yake. Ya pili ni wezi. Akaunti yenye gemu mia na vitu vya kuuzwa ndani ni kama mkufu. Kila siku kuna mtu anawaandikia "kaka yangu amekufa, nipeni akaunti", na wao hawawezi kujua nani ana msiba na nani anaiba.

#12 KibandaChaPS
Ya wezi ni kisingizio. Benki nayo ina wezi, na bado inawalipa warithi. Inataka cheti cha kifo na karatasi ya mahakama, basi. Wangetaka wangeweza.

#13 BintiShela
Hapo nakubaliana na KibandaChaPS. Sisi kwa babu walituomba karatasi tano na tukazileta.

#14 DadaWaMkomani
Kwa hiyo kwenye orodha tusiandike? Naomba mwenye elimu ya mirathi anijibu. Karani alitwambia hesabu yetu itatoka ishirini na nne.

#15 MaalimWaPate
Mungu awape subira. Hesabu ni hiyo: baba yenu hayupo, kwa hiyo mke thumni, mama sudusi, mtoto anachukua kinachobaki. Kwa ishirini na nne ni tatu, nne, na kumi na saba. Nyinyi ndugu hampati kitu kwa sababu mtoto wa kiume yupo, na naona hukuulizia nafsi yako. Kabla ya kugawa, deni zake zitoke.

Kuhusu gemu. Linalorithiwa ni lile ambalo marehemu alikuwa analimiliki, na tuangalie alimiliki nini. Kama ni kuazimwa, yaani ariya, kwa madhehebu yetu ya Shafi ariya huisha mmoja wao akifa. Kitu kinarudi kwa mwenyewe, hakigawanywi. Lakini hapa alilipa, na ariya haina malipo. Kama ni ijara, amekodi manfaa kwa pesa, basi ijara kwa Shafi haivunjiki kwa kifo, na warithi wanaendelea kutumia mpaka muda uishe. Tatizo ni kwamba ijara inataka muda unaojulikana, na hapa muda hakuna. Kwa hiyo haikai sawasawa kwenye chombo chochote kati ya hivi. Mimi naelekea kusema ni ruhusa iliyofungwa kwa mtu wake, kwa sababu ndivyo walivyoandikiana na akakubali, na tumeamrishwa kutekeleza mikataba. Mwengine anaweza kuiona ni ijara mbovu na akasema vingine. Sitamkatalia.

Lakini kompyuta ni mali kamili. Iandikeni kwa bei yake.

#16 MwanaLangoni
Maalim, lakini mtu akuletee kurasa arobaini za Kiingereza, wewe ubonyeze "nakubali", huo ni mkataba wa ridhaa?

#17 MaalimWaPate
Swali zuri na lina uzito. Ridhaa ni sharti. Ila ukisema hakuridhia mkataba, basi hata kutumia hakukuwa na haki nako. Huwezi kuvunja nusu.

#18 NahodhaMstaafu
Na hata zikiwa mali, utagawaje gemu mia na arubaini na tatu kwa tatu, nne, kumi na saba? Bibi atapewa malori mangapi?

#19 FundiBarani
Nahodha, umetania lakini umegusa. Akaunti haigawanyiki. Hakuna njia ya kutoa gemu moja kutoka akaunti hii kuitia ile, hata akiwa hai mwenyewe. Ni yote au hakuna.

#20 WakiliMtarajiwa
Nasoma sheria, mwaka wa tatu, kwa hiyo chukueni kwa kiasi hicho. Tahadhari: sheria yetu ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Familia inayotumia paswadi ya marehemu inaingia kwa idhini ya nani? Marehemu hawezi kutoa tena, na mwenye duka amekataa kwenye mkataba. Sisemi mtashtakiwa kwa mtoto kucheza malori. Nasema msijitangaze.

Pia, Kadhi ana uwezo wa mirathi kati ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake, hiyo iko kwenye Katiba, ibara ya 170. Lakini amri yake kwa kampuni iliyo Amerika ni karatasi. Hata mahakama kuu ya hapa ingetoa, utaitekeleza vipi?

#21 MwanaLangoni
Mtoto wa miaka kumi na moja anacheza gemu ya babake, wewe unamletea uhalifu wa mtandao?

#22 WakiliMtarajiwa
Soma tena nilichoandika, kakangu.

#23 KibandaChaPS
Mimi nilijaribu kunyooka. Kuna duka jingine la michezo mtandaoni alikokuwa na akaunti, jina naliweka kando, nililiandikia habari ya kaka na kuambatanisha cheti cha kifo. Wakanijibu kwa pole nzuri sana na kusema haiwezekani. Wiki iliyofuata akaunti ikafungwa. Sijui kama ni barua yangu iliyosababisha au ni bahati mbaya. Najua tu kwamba kabla ya barua, ilikuwa inafunguka.

#24 FundiBarani
Nimesikia hayo kwa wengine pia na sina ushahidi kwamba barua ndiyo sababu. Lakini dada, kabla ya kumwandikia yeyote, okoa vitu ambavyo havina ubishi. Hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Akaunti ina vitu vya aina mbili. Iko leseni ya kuendesha gemu, hiyo tumeshabishana na haihamishiki. Na kuna alichokitengeneza ndugu yako mwenyewe ndani ya gemu: safari zake, lori lake, gereji zake, picha alizopiga. Hivyo ni mafaili. Yamekaa kwenye diski ya kompyuta ambayo Maalim amesema ni mali kamili. Kwa ETS2, ile gemu ya malori, mafaili hayo hayafungwi na akaunti ya Steam. Ukiyahamisha kwenye kompyuta nyingine yenye ETS2 iliyonunuliwa na mtu mwingine, yanafunguka. Siyo gemu zote ziko hivi, ila hii iko.

Tafuta kwanza hapa:

```
Documents\Euro Truck Simulator 2\profiles
```

Ikiwa tupu, basi alikuwa anahifadhi kwenye Steam Cloud, hifadhi yao ya mtandaoni, na nakala iko hapa:

```
C:\Program Files (x86)\Steam\userdata\<namba>\227300\remote\profiles
```

Hiyo namba ya katikati ni ya akaunti yake, na 227300 ni ya gemu. Ndani utakuta folda yenye jina la ajabu, tarakimu tupu au tarakimu na herufi. Nakili folda yote kwenye flashi mbili. Usihamishe, nakili. Na uichomoe intaneti kwanza kabla ya kugusa kitu.

#25 DadaWaMkomani
Ya kwanza ni tupu. Ya pili nimeona folda mbili: `50617061` na nyingine ndefu. Ndiyo hii? Naogopa kugusa.

#26 FundiBarani
Jina la folda ni jina la dereva, limeandikwa kwa namba za herufi, kila herufi namba mbili. 50 ni P kubwa, 61 ni a, 70 ni p, 61 ni a tena. Inasomeka Papa. Alikuwa akijiita Papa?

#27 DadaWaMkomani
Subhanallah. Ndilo jina lake la baharini. Wavuvi wenzake wote wanamwita Papa tangu alipomtoa papa mkubwa nje ya Kiwayu akiwa kijana. Nimelia hapa mbele ya kompyuta.

#28 NahodhaMstaafu
Papa wa Mkomani! Namjua. Tumevuka naye mlango wa Manda mara nyingi, kusi na kaskazi. Mungu amlaze pema. Sikujua kwamba usiku alikuwa anaendesha malori Ulaya.

#29 BintiShela
Allah amrehemu. Nimeingia hapa kwa M-Pesa, sasa sitoki.

#30 FundiBarani
Ile ndefu pengine ni ya mtoto au ya majaribio, nakili zote mbili. Ndani ya `50617061` uone faili `profile.sii` na folda iitwayo `save`. Zikiwepo hizo, una roho ya kitu.

Picha nazo ziko `userdata\<namba>\760\remote`, kila gemu ina folda yake kwa namba, kwa hiyo tafuta 227300 tena. Na kama siku moja kompyuta itakufa na bado mnaweza kuingia kwenye akaunti, mafaili yaliyoko Steam Cloud hushushwa kwa kivinjari kupitia `store.steampowered.com/account/remotestorage`. Lakini flashi ndiyo salama. Kompyuta ya Lamu haiendi miaka mingi, mnajua wenyewe. Nimefungua mashine za Mkomani nikakuta shaba imegeuka kijani kama msumari wa jahazi. Chumvi ya bahari haina mswalie Mtume.

#31 KibandaChaPS
Lakini kwa nini anunue upya? Si wawashe ileile ya baba, wabonyeze "Go Offline", mtoto acheze mpaka achoke?

#32 FundiBarani
Inawezekana, na kwa miezi hii ya msiba sioni ubaya. Kwenye menyu ya Steam, juu kushoto, "Go Offline", na gemu iwe imeshafunguliwa angalau mara moja ikiwa mtandaoni. Zile za mpira na nyingine zinazopita kwenye akaunti ya kampuni ya pili zitagoma, kwa sababu zinataka kuulizia kwao kila mara.

Mipaka yake ni mitatu. Inakaa kwenye mashine hiyo moja, na nimeshasema habari ya chumvi. Programu ya Steam nayo huacha Windows za zamani, Windows 7 na 8 waliziacha Januari 2024, kwa hiyo ipo siku itafika zamu ya hii. Na bado ni akaunti ya mtu mwingine kwa mujibu wa mkataba.

Kununua upya, ETS2 ikiwa kwenye punguzo huwa kama dola tano. Mtoto anapata akaunti yake, chini ya mama yake, na lori la baba linaingia humo. Hakuna wa kumnyang'anya.

#33 MwanaLangoni
Na zile 142 nyingine?

#34 FundiBarani
Zile ziko pale zilipo mpaka mashine au akaunti ifike mwisho. Baadhi hazina kufuli kabisa: ukinakili folda yake kutoka `steamapps\common` na kubonyeza faili lake la `.exe`, linafunguka bila Steam. Nyingi zinataka Steam. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu moja moja.

#35 WakiliMtarajiwa
Na walio hai je? Mimi nina gemu sitini.

#36 FundiBarani
Steam Families, ilianza Septemba 2024. Watu sita wa nyumba moja, kila mmoja na akaunti yake, wanacheza gemu za wenzao, na kila mmoja anahifadhi safari zake mwenyewe. Ndugu yake dada angekuwa amemtia mwanawe humo, leo mtoto angecheza kutoka akaunti yake mwenyewe bila paswadi ya mtu. Kuna gemu wenyewe wamekataa zisishirikishwe, nakala moja huchezwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mtu mzima akitoka, lazima utimie mwaka tangu alipojiunga ndipo aingie familia nyingine. Ila hiyo haiwi urithi. Akaunti ya mwenye gemu ikifungwa, na gemu zinatoka.

Vinginevyo nunua kwenye GOG, duka jingine la gemu la mtandaoni, zile zinazopatikana huko. Unashusha faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako, halimuulizi mtu. Wao pia walisema 2024 kwamba mtu akija na amri ya mahakama inayotaja akaunti, watajitahidi kumsaidia. Kwa maandishi nako ni leseni.

#37 MaalimWaPate
Kwa hiyo faili lililoko kwenye diski ya marehemu, bila kufuli, ni nini? Mali au ruhusa? Nakala ya kitabu ni mali hata kama aliyeandika hakukuuzia maneno yake. Nitalipeleka kwa shekhe wangu. Naona hata jibu langu la #15 linahitaji kurudiwa.

#38 MwanaLangoni
Nilisema mimi.

#39 DadaWaMkomani
Wenzangu, nimerudi baada ya siku nane. Eda ya wifi bado ina wiki tatu, kwa hiyo akaunti hatujaiamulia chochote na hatujamwandikia mtu. Kompyuta imeandikwa kwenye mirathi shilingi elfu thelathini na tano. Gemu hazikuandikwa. Ami amefurahi, mjomba hakufurahi.

Jana nilimnunulia mtoto ETS2 ikiwa kwenye punguzo, kwenye laptopu yangu, kwa akaunti tuliyomfungulia yeye. Nikaitia `50617061` ndani ya `Documents\Euro Truck Simulator 2\profiles` kama ulivyosema. Ikafunguka ikaonyesha jina Papa. Ikaonya kuna sehemu inakosekana, nadhani ni ile ya Scandinavia ambayo baba alinunua na mimi sikununua. Tukakubali, ikaendelea. Lori jekundu limeegeshwa Rotterdam, tangi la mafuta robo. Mtoto akasema, "Baba hakutia mafuta." Hajaendesha. Amekaa nalo tu, anawasha taa na kuzima.

#40 FundiBarani
Alhamdulillahi. Gereji ya Oslo na miji ya huko haitafunguka mpaka aipate Scandinavia, nyingine zote ni zake. Kabla hajaendesha, rudi kwenye ukurasa wa madereva, bonyeza kuhariri, uangalie kisanduku cha Steam Cloud. Kisiwe na alama kwa sasa. Na akianza kuendesha, mfungulie safari mpya ya kuhifadhi. Ile ya mwisho ya baba aiache bila kuandikia juu.

#41 DadaWaMkomani
Nimeangalia, hakina alama. Ile ya baba nimeinakili flashi ya tatu pia, iko kwa mama, pamoja na simu.

#42 NahodhaMstaafu
Scandinavia ni bei gani? Nitumieni namba ya dada.